Hedhi na Mazoezi ya Mpira: Mchezaji Ahesabu Siku Zake



Leo tunajifunza jambo ambalo wengi wetu huliongea kwa kunong'ona. Ni habari ya hedhi kwa mwanamke anayecheza mpira wa miguu. Siku hizi wanawake wanacheza kweli. Timu yetu ya taifa, Twiga Stars, ilicheza fainali za Afrika mwaka 2010 kule Afrika Kusini, na tena mwaka 2025 kule Moroko. Hata huku Machame msichana anaweza kutoka kukata majani ya ng'ombe, halafu jioni akaenda kiwanjani. Siku moja anakimbia vizuri, siku nyingine miguu ni mizito. Kocha asiyejua humwita mvivu. Je, ni mvivu kweli?

Mwili unafanya nini?

Hedhi huhesabiwa tangu siku damu inapoanza kutoka. Hiyo ndiyo siku ya 1. Tunahesabu mpaka siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Kwa wanawake wengi watu wazima ni siku 21 mpaka 35. Kwa wasichana wadogo siku hupandashuka zaidi.

Mji wa mimba unapotoa damu hujikamua, ndiyo maana tumbo huuma chini ya kitovu. Damu ikikoma, wengi husikia wepesi. Katikati ya mwezi yai hutoka. Baada ya hapo joto la mwili hupanda kidogo. Siku za mwisho wengine hukosa usingizi, matiti huuma, na mwili huwa mzito.

Lakini wanawake hawafanani. Mwaka 2020 watafiti walikusanya matokeo ya uchunguzi 78 juu ya hedhi na nguvu za mwili. Waliona kwamba siku za mwanzo nguvu hupungua kidogo sana, tena tofauti ni kubwa kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo hakuna ratiba moja ya kuwapa wachezaji wote. Mwaka huo huo ilijulikana kwamba timu ya wanawake ya Chelsea, ya Uingereza, ilikuwa ikipanga mazoezi kwa kufuata siku za kila mchezaji. Wao walitumia simu. Sisi daftari na kalamu vinatosha.

Mfano wa daftari

Tuchukue mfano wa mchezaji wa timu ya kijiji mwenye miaka 22. Damu yake ilianza tarehe 3 Machi, halafu tarehe 1 Aprili, halafu tarehe 28 Aprili. Mara ya kwanza zilipita siku 29, mara ya pili siku 27. Basi kwa wastani ni siku 28. Anaweza kutazamia damu nyingine karibu na tarehe 26 Mei.

Kila jioni aliandika mambo matatu tu: amelala vipi, anaumwa wapi, na mazoezi yalikuwa mepesi au mazito. Baada ya miezi mitatu aliyasoma yote pamoja. Akaona kwamba tumbo humuuma siku ya 1 na ya 2. Siku ya 6 mpaka ya 20 huwa na nguvu. Siku nne za mwisho halali vizuri.

Sasa yeye na kocha wanapanga. Kwa kawaida timu hukimbia kupanda kilima mara 8. Siku ya 1 na ya 2 yeye hupanda mara 4, kisha anafanya mazoezi ya kupiga pasi na kutuliza mpira. Hakai nyumbani, kwa sababu mwendo mwepesi hupunguza maumivu ya tumbo. Siku zake za nguvu anapanda mara zote 8, na mbio za kasi humo humo. Siku nne za mwisho bado anapanda mara 8, ila kati ya mbio moja na nyingine anapumzika dakika 2 badala ya 1. Tena hafanyi kazi nzito siku mbili mfululizo. Kuteremka kilima mbio huumiza misuli ya mapaja kuliko kupanda, kwa hiyo anateremka kwa kutembea.

Na mechi ikiangukia siku ya 1? Anacheza, kama mwenyewe anajisikia kucheza. Siku mbili kabla anapunguza mbio. Siku ya mechi anakula mapema, anavaa bukta nyeusi, na anabadilisha pedi wakati wa mapumziko. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni hufaa zaidi ikinywewa maumivu yanapoanza tu, tena baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza zahanati. Na timu ikishuka kutoka Machame kwenda kucheza Bomang'ombe, ambako kuna joto, wachezaji wote wanywe maji zaidi. Hasa aliye katika siku za mwisho, maana mwili wake tayari una joto.

Chakula

Damu ikitoka, madini ya chuma hutoka nayo. Madini haya ndiyo yanayosaidia damu kubeba hewa. Ndizi zinatia nguvu ya kukimbia, lakini chuma chake ni kidogo. Basi mtori uwe na nyama, na kiburu kiwe na maharage ya kutosha. Dagaa, maini na mboga za majani kama mnafu pia vinafaa. Chuma cha maharage na majani huingia mwilini vizuri zaidi tukila pamoja na chungwa, pera au papai. Chai na kahawa hukizuia. Kwa hiyo tusinywe pamoja na chakula, tungoje kama saa moja.

Baada ya mazoezi mchezaji asilale na njaa. Ndizi na maziwa, au uji wenye maziwa, humrudishia nguvu na kujenga misuli.

Dalili za hatari

Mchezaji aende zahanati akiona mojawapo ya haya. Kwanza, damu inatoka zaidi ya siku 7, au pedi inalowa kabisa kila saa moja au mbili. Pili, anahema sana kwa kazi ndogo, ana kizunguzungu, na ndani ya kope la chini pamekuwa peupe. Huo huenda ni upungufu wa damu. Tatu, damu haikuja kwa miezi mitatu. Kwanza apimwe mimba. Kama hana mimba, mara nyingi kwa mchezaji maana yake ni kwamba anafanya kazi nyingi na kula kidogo. Wengine hufurahi wakidhani wamepata nafuu. Siyo nafuu! Mifupa hudhoofika, na inaweza kuvunjika kwa mbio tu.

Daftari ni la nani?

Daftari ni la mchezaji mwenyewe. Lisisomwe mbele ya timu, wala kocha asilidai. Kama kocha ni mwanamume na mchezaji anaona haya, achaguliwe mama mmoja wa timu wa kupeleka ujumbe. Yatosha kusema, "Huyu leo apunguziwe mbio." Kocha asiulize zaidi. Siri ikitoka, wachezaji wataacha kuandika, na wengine wataacha mpira.

Maswali ya kujadili

1. Damu ilianza tarehe 5 Juni, na tena tarehe 4 Julai. Zilipita siku ngapi?
2. Kwa nini chai isinywewe pamoja na maharage?
3. Katika timu yenu, nani anafaa kupeleka ujumbe kwa kocha?