Nyumba moja, idara tatu: nani analipa kodi na umeme?



Kuko ulizo moja tunasikiaga karibu kila mkutano mkuu. Mtu wa kahawa anasimama, anauliza: «Sisi ndio tunaleta makuta, mbona sehemu yetu ya faida ni kidogo hivi?» Mtu wa duka naye anajibu kwamba duka lake linapata faida kila mwezi, kitabu kiko, wakiangalie. Wote wawili wanasema kweli kufuatana na kitabu. Lakini kitabu chenyewe hakisemi yote, juu ya kodi ya nyumba na umeme vimeandikwa upande mmoja tu.

Somo la leo ni kuhusu ile karatasi inayorekebisha jambo hilo mwisho wa mwezi. Kontabu anaiitaga jurnali ya kugawa gharama. Si kontabu peke yake anapaswa kuielewa. Mwanachama anayeinua mkono kupitisha hesabu naye aielewe.

Tuchukue mfano. Koperative moja imekodi nyumba Bukavu, dola 240 kwa mwezi. Ndani kuko idara tatu: kahawa, duka la pembejeo (mbegu, mbolea, dawa za mifugo), na akiba na mikopo. Kodi inalipwa kwa dola, umeme wa SNEL kwa franga, na vitabu vinaandikwa kwa franga. Tuseme siku ya kulipa dola moja ilikuwa franga 2.500. Basi kodi ni franga 600.000. Umeme wa mwezi ule ni franga 60.000. Jumla 660.000. Mtaandika kiwango cha siku mliyolipa kweli, si kile kinachopendeza mwisho wa mwezi.

Mpaka sasa zile 660.000 zote zilikuwa zinaandikwa kwa kahawa. Sababu yake ni ndogo tu: kahawa ndiyo ilianza mu nyumba ile, duka na akiba vikaja nyuma, na hakuna aliyebadilisha mazoea.

Kwanza tugawe kodi. Kodi tunalipia nafasi, basi kipimo chake ni nafasi. Mtachukua mita ya fundi mpime kila chumba, urefu mara upana. Mu mfano wetu depo ya kahawa ina mita za mraba 60, duka 30, biro ya akiba 10. Kunabaki sale ya mikutano na biro ya gerant, ambazo ni za wote. Hizo msizipe mtu mmoja. Wote watazilipa kwa kiasi kile kile cha vyumba vyao. Kwa hiyo tunagawa kodi nzima juu ya mita 100. Kahawa inachukua 60 kwa 100, ndiyo 360.000. Duka 30 kwa 100, ndiyo 180.000. Akiba 10 kwa 100, ndiyo 60.000.

Hapa kuko mtego. Nje ya msimu, depo ya kahawa inakuwa tupu, na duka linaanza kuweka mifuko yake ya mbolea mule. Tumeona depo ambamo nusu ya nafasi ilikuwa mbolea, lakini kahawa iliendelea kulipa yote juu ya jina lililoandikwa kwenye mlango. Kama mbolea inakaa mita 20 kwa miezi mine, kwa ile miezi mine duka lihesabiwe mita 50 na kahawa 40.

Umeme ni jambo lingine. Wengi wanaugawa kwa mita za vyumba vile vile kama kodi, juu ya kutaka urahisi, na hapo wanakosea. Depo ni kubwa lakini ina ampuli tu. Duka ni dogo lakini lina frigo ya chanjo za kuku na za ng'ombe, na frigo hailali. Mkigawa kwa mita, kahawa italipia ubaridi wa chanjo.

Kama kila idara ingekuwa na konteri yake ndogo, mngesoma tu namba. Kama hakuna, mhesabu vyombo: wati za chombo mara saa kinazofanya kazi kwa siku, mara siku za mwezi, kisha mgawe kwa 1.000, mtapata kilowati-saa. Frigo ya wati 150 haivuti umeme saa zote 24. Moteri inawaka na kuzima. Tuseme inawaka saa 8 kwa jumla. Hiyo ni 150 mara 8 mara 30, yaani kilowati-saa 36. Ampuli tatu za duka, wati 15 kila moja, saa 8, siku 25: kilowati-saa 9. Duka lina 45. Akiba ina kompyuta ya wati 60 na ampuli moja: 12 na 3, jumla 15. Kahawa ina ampuli tano: 15. Zote pamoja ni 75.

Duka basi lina 45 juu ya 75, ndiyo 60 kwa 100. Kahawa 20, akiba 20. Faktire ya 60.000 inagawanyika hivi: duka 36.000, kahawa 12.000, akiba 12.000. Msishangae kama kilowati-saa mlizohesabu hazifanani na zile za konteri ya SNEL. Hesabu hii haitafuti faktire, inatafuta tu nani anatumia kuliko nani. Lakini tofauti ikiwa kubwa sana, mtembee mu vyumba: saa ingine mtakuta pasi ya umeme au jiko la mtu binafsi ambalo halikutajwa.

Sasa tuingie mu jurnali yenyewe. Kongo iliingia mu OHADA mwaka 2012, na mu mpango wa hesabu wa OHADA kodi inaandikwa mu namba 622, umeme mu 605. Namba hizo zinabaki. Tunachoongeza ni alama ya idara nyuma ya namba: K ya kahawa, D ya duka, A ya akiba, na P ya pamoja.

Siku ya kulipa, kontabu anaandika gharama kwa P: debi 622-P 600.000, debi 605-P 60.000, kredi kesi 660.000. Makuta yametoka, na hayatatoka tena. Mwisho wa mwezi anafungua jurnali ya kugawa, na anaandika:

Debi 622-K: 360.000
Debi 622-D: 180.000
Debi 622-A: 60.000
Kredi 622-P: 600.000

Debi 605-K: 12.000
Debi 605-D: 36.000
Debi 605-A: 12.000
Kredi 605-P: 60.000

Angalieni vizuri: neno kesi halimo kabisa mu mistari hii. Hakuna franga inayotoka wala inayoingia. Gharama inahama tu kutoka P kwenda kwa wenyewe. Kosa tunalokuta mara nyingi ni kontabu mpya kuandika kredi kesi mahali pa kredi P. Mtalijua hivi: mkihesabu makuta yaliyo mu kesi, yatazidi kitabu kwa 660.000, na mtu ataanza kuuliza makuta haya ni ya nani. Tena P itabaki na 660.000 yake, na gharama za koperative nzima zitaonekana 1.320.000. Kipimo cha kila mwezi ni kimoja: baada ya jurnali, P iwe sifuri.

Neno fupi juu ya garanti. Ile miezi mwenye nyumba aliyowadai mlipoingia si kodi ya mwezi wowote. Ni makuta yenu yanayokaa kwake, na hayaingii mu jurnali hii. Na kama mmelipa kodi ya miezi mitatu pamoja, kila mwisho wa mwezi mtagawa ya mwezi mmoja tu.

Sasa turudi kwa wale wawili waliokuwa wanabishana. Kitabu cha zamani kilionyesha kahawa imebakiwa na 240.000 kwa mwezi, duka 150.000, akiba 100.000. Jumla 490.000. Baada ya kugawa, kahawa ina 528.000, duka lina hasara ya 66.000, akiba ina 28.000. Jumlisheni: ni 490.000 ile ile. Koperative haikupata wala kupoteza hata franga moja. Kilichobadilika ni kujua nani amebeba nani.

Na ndiyo maana kipimo kikubaliwe mbele ya mwezi kuanza, kamati ikiandike mu muhtasari wa mkutano na sahihi zao. Kisibadilishwe baada ya matokeo kuonekana. Mara watu waone duka limeingia mu hasara, kuna atakayesema umeme ugawanywe sawa kwa watatu. Kinabadilishwa kama kitu kimebadilika kweli: frigo ya pili imenunuliwa, ukuta umesogezwa, mbolea imehamia depo.

Lakini wapendwa, hapa tunaomba mwende polepole. Mara tu hasara ya 66.000 inasomwa mu mkutano, sauti moja itasema: «Tufunge duka!» Mfanye hesabu ingine kwanza. Duka likifungwa, mwenye nyumba atadai dola zake 240 kama kawaida. Zile 180.000 za kodi ya duka hazitapotea, zitarudi kwa kahawa na akiba. Umeme utapungua kwa 36.000 tu. Na ile 150.000 ambayo duka lilikuwa linaleta kabla ya kugawiwa gharama za nyumba haitakuwapo tena. Kutoka 490.000, toeni 150.000, ongezeni 36.000: inabaki 376.000. Koperative itakuwa imepoteza 114.000 kila mwezi kwa kufunga idara yenye hasara.

Kufunga kunakuwa na maana kama mwenye nyumba atakubali mtu mwingine achukue kile chumba kwa zaidi ya 114.000 kwa mwezi, ao kama mtahamia nyumba ndogo ya bei nafuu. Kama haiko hivyo, afazali kuangalia duka lenyewe: bei ya dawa, mikopo isiyolipwa, na ile frigo. Mu mfano wetu frigo inakula kilowati-saa 36 kati ya 45 za duka. Mufungue mlango wake muone ndani muko chanjo kiasi gani, na soda za nani.