Moyo Mmoja, Vilele Vitatu: Kupanga Kanda za Mbio, Baiskeli na Kuogelea

Wengi wetu tunaijua ile hesabu ya 220 kutoa umri. Mwenye miaka 22 anapata 198, anaambiwa hapo ndipo mwisho wa mapigo ya moyo wake kwa dakika, basi anaitumia barabarani, kwenye baiskeli na hata bwawani. Hapo kuna matatizo mawili. Kwanza, hesabu hiyo ni wastani wa watu wengi. Kwa mtu mmoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Pili, moyo huohuo hauna kilele kimoja kwa michezo yote.

Kwa kawaida kilele cha baiskeli huwa chini ya kile cha mbio kwa mapigo kama 5 hadi 10, na cha kuogelea kwa kama 10 hadi 15. Kwa nini?

Ukikimbia, unabeba uzito wako wote. Miguu, kiuno, mgongo na mikono vyote vinadai damu kwa pamoja, na kwa kuwa umesimama, damu inabidi ipande kutoka miguuni kurudi kifuani. Moyo unasukumwa karibu na mwisho wake. Kwenye baiskeli, kiti kinabeba uzito, kazi kubwa inaangukia mapaja na makalio. Mara nyingi unakuta mapaja yamewaka moto na kukataa kabla moyo haujafika juu kabisa.

Majini mambo yanabadilika zaidi. Umelala, na maji yanakubana mwili, kwa hiyo damu inarudi kifuani kwa urahisi. Moyo unajaa vizuri, kila pigo linatoa damu nyingi zaidi, na mapigo machache yanatosha kazi ileile. Maji pia yanachukua joto la mwili, kwa hiyo moyo hauhitaji kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kukupoza. Juu ya hayo, kuogelea kunategemea sana mikono na mabega, ambayo misuli yake ni midogo kuliko ya miguu.

Sasa, unapataje vilele vyako? Pima kila mchezo siku yake, ukiwa umepumzika. Kwa mbio, pasha mwili dakika 15, kisha panda kilima cha dakika 2 hivi mara tatu, ukishuka taratibu. Mara ya tatu toa vyote. Kwa baiskeli, baada ya kupasha, endesha dakika 5 ukiongeza nguvu, na dakika ya mwisho toa vyote. Kwa kuogelea, piga mita 100 mara nne, kila moja kwa kasi kuliko iliyotangulia. Ukimaliza tu, weka vidole viwili shingoni, hesabu sekunde 10, zidisha kwa 6. Usichelewe, mapigo hushuka haraka. Na uhesabu kwa makini, maana ukikosea pigo moja umekosea 6. Mwenye homa, maumivu ya kifua au tatizo la moyo asijipime hivi bila daktari, na bwawani usiwe peke yako.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa miaka 22. Mbio amehesabu 32, yaani 192. Baiskeli 31, yaani 186. Kuogelea 30, yaani 180. Kanda ya mazoezi mepesi ni asilimia 60 hadi 70 ya kilele, na ya mazoezi magumu ni 80 hadi 90. Kwake zinakuwa hivi:

Mbio: mepesi 115–134, magumu 154–173.
Baiskeli: mepesi 112–130, magumu 149–167.
Kuogelea: mepesi 108–126, magumu 144–162.

Sasa tuseme anaogelea kwa kanda za mbio. Akifikisha 134 anadhani bado yuko kwenye mepesi, kumbe ni asilimia 74 ya kilele chake cha majini. Siku ya magumu akikimbilia 173, yuko asilimia 96, na hawezi kurudia mizunguko mingi hapo. Siku nyepesi haimpumzishi, siku ngumu inamvunja.

Utajuaje kanda yako imekosewa? Kwenye mbio na baiskeli, siku nyepesi unapaswa kuongea sentensi nzima bila kuhema. Bwawani, ukigusa ukuta uwe na pumzi ya kuongea palepale. Ukishindwa, shusha kasi, hata kama namba inasema uko sawa.

Jambo la mwisho: kilele cha mchezo usiouzoea huenda kinaonyesha miguu au mikono iliyochoka mapema, siyo moyo. Mkimbiaji aliyeanza baiskeli juzi ajipime tena baada ya miezi miwili hivi, mapaja yakishazoea. Namba ya baiskeli inaweza kupanda, na kanda zake zihame nayo.