Grafu Ikifika 100 Umeshachelewa: Maswali Yenu Kuhusu Mzigo wa Idi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wauzaji wa nguo za Idi mtandaoni, na karibu zote zinauliza jambo moja: niagize lini, nipandishe matangazo lini. Nimechagua zile zinazonitia wasiwasi zaidi. Namna ya kufungua Google Trends na kuandika neno sielezi, hilo mnaliweza.

Nimeangalia "abaya" kwa Tanzania, grafu imegonga 100. Niagize sasa?

Hapana. Swali hili mmeliuliza wengi, kutoka Tanga, Mombasa na Mwanza, kwa hiyo nawajibu pamoja. Nitalijibu kwa urefu kwa sababu kosa hili linamaliza mitaji ya watu kila mwaka.

Ile 100 si idadi ya wateja. Ni wiki ambayo neno lilitafutwa zaidi kuliko wiki nyingine zote katika kipindi na nchi uliyochagua, na wiki nyingine hupimwa kwa hiyo. Ukibadilisha kipindi, wiki hiyohiyo inaweza kusoma 60. Inapotokea kabla ya Idi, maana yake ni kwamba wateja wameshaingia sokoni na wanalinganisha bei za wenye mzigo mkononi. Anayeagiza siku hiyo atafungua marobota watu wakiwa wameshavaa na kufua.

Unachotakiwa kutafuta ni wiki ambayo mstari unaanza kupanda. Chagua Past 5 years, ambayo inakupa nukta moja kwa kila wiki. Tazama miezi iliyotulia uone mstari hukaa wapi kwa kawaida, tuseme kati ya 15 na 20. Kisha tafuta wiki ya kwanza iliyovuka hapo na kufuatiwa na wiki mbili zilizo juu zaidi yake. Hesabu ni wiki ngapi kutoka hapo hadi Idi, na ufanye hivyo kwa kila mwaka.

Andika "wiki kadhaa kabla ya Idi", usiandike mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, ndiyo maana Idi ya Mfungo Mosi ilikuwa 21 au 22 Aprili mwaka 2023, 10 Aprili mwaka 2024, na 30 au 31 Machi mwaka 2025, kutegemea mwandamo. Ukichukua wastani wa kila mwezi utapata kilima kipana cha Machi na Aprili ambacho hakikuwapo mwaka wowote, na utaagiza kwa kukifuata hicho.

Sasa tuhesabu. Tuseme katika grafu yako mpando huanza wiki tano kabla ya Idi. Idi ya 2027 inatarajiwa 9 au 10 Machi, kwa hiyo mpando utaanza siku za kwanza za Februari. Nguo ziwe zimefika, zimepigwa pasi na picha, mwishoni mwa Januari. Rudi nyuma kutoka hapo: wiki mbili za bandarini na usafirishaji hadi dukani, wiki sita za baharini kwa mzigo wa kuchangia kontena kutoka Guangzhou, wiki nne za kushona. Unaangukia wiki ya kwanza au ya pili ya Novemba 2026. Wakala wako akikupa siku tofauti na zangu, tumia zake, ila muulize mzigo wake wa mwisho ulichukua siku ngapi hasa. Ahadi ya kwenye bango lake usiitumie.

Mwaka huo kuna jambo la kuogopa zaidi. Mwaka Mpya wa Kichina utaangukia 6 Februari 2027. Viwanda hufungwa, na mafundi huanza kurudi kwao kabla ya sikukuu yenyewe. Oda ya katikati ya Januari ina hatari ya kushonwa viwanda vikifunguliwa, mwishoni mwa Februari. Weka wiki nne za kushona, sita za baharini na mbili za bandarini: mzigo unafika katikati au mwishoni mwa Mei. Idi ya kuchinja mwaka huo inatarajiwa karibu 16 Mei. Kwa oda moja iliyochelewa, umekosa Idi zote mbili. Ndege itaokoa vipande vichache, lakini nauli ya kilo itakula faida yako.

Grafu yangu ya "kanzu" inasoma sufuri, sufuri, 100, sufuri. Nifanyeje?

Hapo hakuna msimu wa kusoma. Neno linatafutwa na watu wachache mno, na palipo na utafutaji mdogo Google huandika 0. Tena hutumia sampuli, kwa hiyo ukifungua siku nyingine vilele vinaweza kuwa vimehama. Unganisha majina ya nguo zinazonunuliwa pamoja kwa alama ya kujumlisha:

```
kanzu + abaya + madera
```

Mstari ukitulia, ndipo uanze kuhesabu. Wanaoongeza Uganda ili wapate takwimu nyingi nawaomba waache. Kule kanzu huvaliwa na wanaume kwenye harusi na kwanjula, Mwislamu na asiye Mwislamu, na grafu yake inafuata sherehe hizo pia.

Kuna mtu anauza orodha ya bidhaa zitakazovuma Ramadhani kwa shilingi 50,000.

Usimpe hata senti.

Grafu inaweza kuniambia niagize vipande vingapi?

Haiwezi, inakuambia lini. Idadi iko kwenye daftari lako la mauzo ya mwaka jana, pamoja na majina ya waliokuja wakakuta saizi yao imeisha.

Nauza mabegi ya shule Nairobi. Miaka mitano inatosha?

Inatosha kama haigusi miaka ya korona. Kalenda ya shule za Kenya ilivurugika: mwaka wa masomo wa 2021 ulifunguliwa Julai, wa 2022 ukafunguliwa Aprili, na Januari ikarudi 2023. Ukichanganya miaka hiyo utaona vilele vya Aprili na Julai na kudhani kuna soko la pili. Anza na 2023.

Tangazo nipandishe lini?

Wiki tatu au nne kabla ya mpando kuanza, nguo zikiwa mkononi. Ukurasa wa tovuti unahitaji muda ili injini za utafutaji ziukute, na mteja wa mwanzo anahitaji muda wa kuuliza saizi. Kama nguo zinafika mwishoni mwa Januari kama katika hesabu yangu, tangulia na ukurasa wenye vipimo, bei na tarehe ya kufika. Usiandike "ipo" kwa nguo iliyo baharini. Wenye tovuti, acheni kufungua ukurasa mpya wa "Abaya za Idi" kila mwaka. Bakini na anwani ileile, mbadilishe picha na bei, ili ukurasa usianze upya kutafuta nafasi kila Ramadhani.

Wiki mbili kabla ya Idi mstari umeanza kushuka kwa nukta nukta. Nipunguze bei?

Usiguse bei. Kipande cha nukta nukta ni wiki ambayo haijaisha, na takwimu zake bado hazijatimia. Subiri wiki ifungwe, kisha ulinganishe na wiki hiyohiyo kabla ya Idi ya mwaka jana. Ikiwa wiki mbili zilizofungwa zimeshuka mfululizo na bado una robota zima stoo, hapo punguza, tena mapema, kwa sababu baada ya sala ya Idi hakuna atakayeuliza bei.