Gawanya 72 kwa riba: Akiba yako itakuwa maradufu lini?

Bei za soko ulizokwisha kuzisoma katika ukurasa huu zinakueleza mazao yako yatakuletea shilingi ngapi. Somo la leo linaanza pale fedha hizo zinapokuwa zimekwisha kuingia mfukoni, na wewe umesimama mbele ya dirisha la benki mjini Moshi ukiambiwa kwamba amana ya muda maalumu inalipa "asilimia nane kwa mwaka". Je, nane hiyo ni nyingi au kidogo? Itakuchukua muda gani kuziona fedha zako zimekuwa mara mbili?

Jibu unaweza kulipata bila kikokotoo. Chukua 72, gawanya kwa riba ya mwaka. Kwa riba ya asilimia 8, 72 gawanya kwa 8 ni 9, yaani miaka tisa. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Kwa asilimia 3, ambayo ni aina ya riba unayoweza kuikuta kwenye akaunti ya kawaida ya akiba, ni miaka 24. Kanuni hii si ngeni. Mtaalamu wa hesabu wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliitaja katika kitabu alichokichapisha mwaka 1494.

Mfano wa Kibosho

Tuchukue mkulima wa kahawa wa Kibosho. Amepokea malipo ya pili kutoka chama chake cha msingi, akauza na ndizi kidogo za kihambani, na sasa ana sh. 2,000,000 ambazo hazina kazi ya haraka. Anazitaka ziwe sh. 4,000,000 miaka tisa kutoka sasa, kwa ajili ya ada ya mjukuu. Anaziweka kwa asilimia 8, na kila mwaka riba inaongezwa juu ya fedha za mwanzo.

Mwaka wa kwanza anapata sh. 160,000, hivyo amana inakuwa sh. 2,160,000. Mwaka wa pili riba inapigwa juu ya hizo 2,160,000, siyo juu ya milioni mbili, na amana inafika sh. 2,332,800. Mwaka wa tano ni karibu sh. 2,939,000. Mwisho wa mwaka wa tisa ni sh. 3,998,009. Zimepungua chini ya sh. 2,000 tu kufika milioni nne, na hapo ndipo unapoona jinsi 72 inavyokaribia ukweli.

Kinachofanya kazi hapa ni riba juu ya riba. Kama mkulima huyu angekuwa anaichukua riba yake ya sh. 160,000 kila mwaka na kuimalizia Soko la Mbuyuni, milioni mbili zingebaki milioni mbili. Hata kama angeziweka hizo 160,000 kwenye mtungi, angehitaji miaka 12 na nusu kukusanya milioni mbili nyingine. Kwa hiyo 72 ni kwa mtu anayeiacha riba izae. Kwa anayeichukua, gawanya 100 badala ya 72. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye hati fungani ya serikali: riba huingizwa kwenye akaunti yake kila baada ya miezi sita, na haizai tena mpaka yeye mwenyewe aiwekeze upya.

Kodi inaongeza mwaka mzima

Sasa tuangalie kosa linalowapata wengi. Nane iliyoandikwa ukutani siyo nane inayoingia kwenye kitabu chako. Katika riba ya amana benki hukata kodi ya zuio ya asilimia 10. Katika sh. 160,000 za mwaka wa kwanza, sh. 16,000 zinakwenda serikalini, na mkulima wetu anabakiwa na sh. 144,000. Riba yake halisi ni asilimia 7.2.

Rudi kwenye kanuni: 72 gawanya kwa 7.2 ni miaka 10. Kodi imemwongezea mwaka mmoja. Siku ya ada, mwisho wa mwaka wa tisa, atakuta karibu sh. 3,739,000, yaani pungufu ya sh. 261,000. Aliyepiga hesabu mapema ataongeza akiba kidogo kila msimu, lakini ambaye hakupiga ataijua siku mtoto amekwisha kufunga sanduku.

Angalia hati mpya

Hatari nyingine ipo siku amana inapoiva. Amana ya miezi 12 ikiisha bila wewe kuacha maagizo, inategemea mkataba wako: huenda zote zikarudishwa kwenye akaunti ya kawaida yenye riba ndogo, au fedha za mwanzo pekee zikawekwa tena na riba ikapelekwa kando. Vyote viwili vinavunja mnyororo wa riba juu ya riba.

Kulitambua jambo hilo ni rahisi. Soma kiasi cha mwanzo kilichoandikwa kwenye hati ya mwaka wa pili. Kwa mkulima wetu kinapaswa kuwa sh. 2,144,000. Akiona sh. 2,000,000 tena, ajue riba yake imekwenda kwingine, na hesabu yake si 72 tena. Soma pia asilimia yenyewe, maana amana inayowekwa upya hupewa riba ya siku hiyo, siyo lazima ile ya mwaka jana.

Bei nazo zinazaa

Kanuni hii hii hupima mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, 72 gawanya kwa 4 ni 18: ada ya shule itakuwa maradufu baada ya miaka 18. Ukitaka kujua nguvu ya akiba yako sokoni, toa mfumuko kwenye riba halisi. Kwa mkulima wetu, 7.2 toa 4 ni 3.2. Gawanya, unapata miaka 22 na nusu. Kwenye kitabu fedha zitakuwa mara mbili kwa miaka 10, lakini uwezo wa kununua ni kwa zaidi ya miaka 22.

Wazee wanaukumbuka mwaka 1994, mfumuko wa bei nchini ulipozidi asilimia 30. Kwa kasi hiyo 72 inasema bei zinakuwa maradufu kwa miaka 2.4. Hesabu kamili ni miaka 2.6. Hapo ndipo unapouona mpaka wa kanuni: ni sahihi sana karibu na asilimia 8, lakini riba ikiwa kubwa inataja muda mfupi kuliko ukweli, na riba ikiwa ndogo inataja mrefu kidogo. Kwa asilimia 2 inasema miaka 36, ukweli ni 35.

La mwisho ni la mkopaji. Kabla ya mavuno, wapo wanaokopa kwa mtu binafsi kwa asilimia 10 kwa mwezi. Hapo gawanya vilevile, ila jibu ni miezi: 72 gawanya kwa 10 ni miezi 7.2. Deni lisiloguswa tangu Januari, likiongezewa riba juu ya riba, linakuwa maradufu mwezi Agosti, kahawa ikiwa bado inachumwa. Akiba ya mkulima wetu inahitaji miaka 10 kufanya kazi ambayo deni hilo linaifanya kwa miezi saba. Mwenye vyote viwili aanze kulipa deni.