Jibu la Mwalimu na Jibu la Kitabu: Namna ya Kumjibu Mwanafunzi Aliyeona Tofauti

Tuchukue mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma mjini Sumbawanga na kwao ni Muze, bondeni karibu na Ziwa Rukwa. Amerudi nyumbani likizo, anapitia daftari lake la Fizikia, na jioni anaazima simu ya mama yake na kumwandikia mwalimu:

"Shikamoo mwalimu. Lile swali la kupasha maji kilo 2 kutoka nyuzi 20 mpaka yaanze kuchemka, darasani ulitupa 621,600 J. Kitabu huku nyuma kinasema 672,000 J. Nimerudia mara tatu. Nifuate lipi?"

Ujumbe huu unaweza kumfikia mwalimu yeyote, kaka au dada aliyemaliza shule, au mzazi anayemsaidia mtoto hesabu. Majibu mawili hutolewa haraka na yote mawili humwacha mtoto gizani. La kwanza ni "fuata kitabu". La pili ni "yote sawa tu". Mwanafunzi hakuuliza amtii nani. Ameuliza hizo 50,400 J zimekwenda wapi, na jibu zuri ni lile linalomwonyesha mahali zilipo.

Kwanza, itafute tofauti kabla hujaandika

Chukua kalamu ufanye hesabu upya, kwa namba za kitabu, si kwa kumbukumbu ya darasani. Hakikisha swali ni lile lile, kwa kuwa matoleo ya kitabu kimoja hutofautiana, na swali la 4 katika toleo la zamani laweza kuwa la 5 katika jipya.

Kanuni inayotumika hapa ni fupi: joto linalohitajika ni uzito wa maji kwa kilo, mara 4,200, mara idadi ya nyuzi joto zinazopanda. Hiyo 4,200 ni jouli zinazohitajika kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi.

Kwa kitabu: 2 × 4,200 × 80 = 672,000 J.
Kwa mwalimu: 2 × 4,200 × 74 = 621,600 J.

Hata kama daftari la mwanafunzi halionyeshi hatua, tofauti yenyewe inasema. Toa jibu dogo kwenye kubwa, upate 50,400. Kisha gawa kwa namba ambazo pande zote mbili zinakubaliana, yaani 2 × 4,200, ambayo ni 8,400. Unapata 6 kamili. Basi majibu haya hayakutofautiana kwenye kanuni, wala kwenye uzito, wala kwenye kuzidisha. Yametofautiana kwa nyuzi 6. Kitabu kimeyachemsha maji kwenye nyuzi 100, na mwalimu ameyachemsha kwenye 94.

Njia hii ya kutoa na kugawa ndiyo kiini cha kazi yote. Ikikupa namba safi inayoeleweka, umekipata chanzo. Ikikupa namba isiyo na maana, kama 5.37, shuku kosa la kuzidisha au la kunakili, na anza kulitafuta kwako mwenyewe.

Nyuzi 6 zinatoka wapi

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyakalia juu. Pwani, kwenye usawa wa bahari, hewa ni nzito, na maji hulazimika kufika nyuzi 100 ndipo yashinde. Ukipanda juu, hewa iliyo juu yako inapungua, kanieneo yake inashuka, na maji yanachemka mapema. Kwa miinuko yetu, kadirio linalofaa ni kwamba kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja kila unapopanda mita 300 hivi.

Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Gawa 1,800 kwa 300, upate 6. Maji ya Sumbawanga huchemka karibu nyuzi 94. Kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Dar es Salaam.

Sasa shuka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Muze. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na bonde linalolizunguka limeinuka kidogo tu kuliko ziwa. Hapo maji huchemka karibu nyuzi 97. Kwa swali lile lile, jibu la Muze ni 2 × 4,200 × 77, yaani 646,800 J. Mtoto huyu, akikaa jikoni kwao na sufuria ya kilo 2 za maji, ana jibu la tatu ambalo halimo kwenye kitabu wala kwenye daftari lake.

Jambo hili wapishi wa pande zote mbili wanaweza kulishuhudia bila kipimajoto. Maharage yale yale, kwa sufuria ile ile, hukawia kuiva juu Ufipa kuliko bondeni, kwa kuwa maji yanayotokota juu yana joto pungufu. Kuongeza kuni hakuyafanyi maji yawe moto zaidi. Kunayafanya yakauke upesi.

Ujumbe wenyewe

Ukishajua chanzo, andika. Huu ni mfano unaoweza kuufuata:

"Marahaba mwanangu. Hesabu yako ni sahihi na umefanya vizuri kuuliza. Kitabu kimechukua maji yanachemka nyuzi 100: 2 x 4200 x 80 = 672,000 J. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Mimi nilichukua 94, kiwango cha hapa Sumbawanga: 2 x 4200 x 74 = 621,600 J. Tofauti ni 50,400. Igawe kwa 8,400 utaona ni nyuzi 6. Nilikosea kutowaambia darasani kwamba nimetumia 94. Kwenye mtihani, kama swali halikutaja kiwango cha kuchemka, tumia 100 na uandike kwamba umetumia 100. Sasa nifanyie la Muze: maji huko huchemka karibu nyuzi 97. Utapata ngapi?"

Tazama mpangilio wake. Sentensi ya mwanzo inamtoa mtoto wasiwasi, kwa kuwa mwanafunzi aliyerudia hesabu mara tatu anadhani kosa ni lake. Kisha hesabu mbili zimewekwa karibu, kwa umbo moja, ili jicho lenyewe lione kuwa kilichobadilika ni 80 na 74. Baada ya hapo mwalimu anakiri alipokosea: hakukosea namba, ila aliitumia bila kuitaja. Kisha anasema lipi la kufuata kwenye mtihani, maana hilo ndilo mwanafunzi aliloliuliza waziwazi. Mwisho anampa hesabu moja fupi, na jibu likirudi 646,800 atajua ameelewa.

Kama unatuma kwa SMS ya kawaida, andika herufi x badala ya alama ya kuzidisha, na neno "nyuzi" badala ya kile kiduara cha nyuzi joto. SMS moja hubeba herufi 160, lakini ukiweka alama isiyomo katika seti ya kawaida ya herufi za simu, nafasi hushuka hadi 70, na baadhi ya simu za vitufe huonyesha kisanduku au alama ya kuuliza badala yake. Mtoto akipokea "94?" atadhani na wewe huna hakika.

Pale mwinuko usipohusika

Jibu la mwinuko ni tamu, na hatari yake ni kulitumia kila mahali. Tuseme mwanafunzi anakuandikia kwamba amepima maji yanayotokota Sumbawanga akapata nyuzi 90. Mwinuko unaeleza nyuzi 6 tu. Nne zilizobaki zina chanzo kingine, na cha kwanza kushukiwa ni kipimajoto. Kitumbukize kwenye barafu inayoyeyuka ndani ya maji. Hapo kinatakiwa kusoma 0, iwe Dar es Salaam au Sumbawanga, maana kuyeyuka kwa barafu hakubadilishwi na mwinuko kwa kiasi ambacho kipimajoto cha shule kingeweza kukiona. Kikisoma chini ya 0 kina kasoro, na vipimo vyake vyote visiaminiwe mpaka virekebishwe. Kikisoma 0 sawasawa, angalia kama ncha yake ilizama vizuri majini, na kama maji yalikuwa yanatokota kweli au yalikuwa yakitoa mapovu madogo ya mwanzo.

Kuna tofauti nyingine ambazo hujitambulisha kwa uwiano. Ukigawa jibu moja kwa jingine ukapata 0.98, mmoja ametumia 9.8 na mwingine 10 kwa mvutano wa dunia. Karatasi ya mtihani wa taifa wa Fizikia wa kidato cha nne huorodhesha namba za kutumia, na kwa mvutano huweka 10. Mwanafunzi afuate hiyo. Ukipata 1,000, mmoja amesahau kubadili gramu kuwa kilo. Na kama tarakimu ya mwisho pekee ndiyo imetofautiana, mmoja amekadiria mapema katikati ya hesabu, na mwingine amesubiri mpaka mwisho.

Ipo pia siku ambayo kitabu kimekosea. Kabla ya kusema hivyo, fanya hesabu kwa njia mbili, kisha mpe mwenzako wa somo hilo aifanye bila kumwonyesha jibu lako. Mkikubaliana, mwambie mwanafunzi waziwazi hatua ipi ya kitabu ina kosa, na aandike marekebisho kwa penseli pembeni ya jibu lile, ili anayekuja kukisoma baada yake asihangaike. Na ukigundua mkosaji ni wewe, andika "nilikosea hapa", taja mstari, na darasa likifunguliwa lisahihishe mbele ya wote, kwa sababu waliolinakili ni wengi kuliko aliyeuliza.

Walimu wenzangu mnaofundisha juu Ufipa na huko bondeni, tuandike ubaoni, kabla ya hesabu yenyewe, namba tunazozichukua bila kupewa na swali: maji yanachemka nyuzi ngapi, mvutano ni ngapi, pai ni ngapi. Mstari huo mmoja ungemwezesha mtoto wa Muze kujijibu mwenyewe kabla hajaazima simu ya mama yake.