Kunukuu Hundi Iliyojazwa

Hundi ni maandishi mafupi, lakini kila neno lake lina mahali pake, na neno likihama mahali pake maana huharibika. Katika somo hili tutanukuu hundi moja ya shilingi za Uganda, kisha tutatazama kwa makini mstari wa kiasi kwa maneno, kwa kuwa hapo ndipo sarufi ya hesabu hupimwa.

Mfano

Pembe ya juu kushoto: mistari miwili sambamba ya mshazari, kati yake: *Kwa akaunti ya mlipwa tu*
Pembe ya juu kulia: *Tarehe 5 Agosti 2024*
Mstari wa kwanza: *Mlipe Mweka Hazina wa Chuo* ————
Mstari wa pili: *Shilingi laki mbili na elfu hamsini tu* ————
Kisanduku cha kulia: *250,000/=*
Chini kulia: *sahihi ya mtoaji*

Mwezi umeandikwa kwa jina lake. Kama tungeandika 5/8/2024, msomaji aliyezoea kutanguliza mwezi angesoma tarehe 8 Mei.

Mistari miwili ya pembeni humwambia mfanyakazi wa benki asimlipe mletaji fedha taslimu dirishani, bali aziingize katika akaunti. Wakati wa kunukuu, tuichore pale pale ilipo. Ikichorwa juu ya kiasi au juu ya sahihi, msomaji atadhani hundi imefutwa.

Kiasi kwa maneno

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hundi na hati nyingine za malipo, ambayo sheria za Uganda, Kenya na Tanzania zimeifuata, husema kwamba maneno na tarakimu zikitofautiana, kiasi cha kulipwa ni kile cha maneno. Katika utendaji, benki mara nyingi huirudisha hundi ya namna hiyo bila kuilipa. Kwa hiyo maneno hayana budi kuwa na maana moja tu.

Tuchukue kiasi chetu, 250,000. Mwanafunzi anaweza kuandika *shilingi elfu mia mbili na hamsini*. Katika Kiswahili, neno *elfu* hutangulia idadi inayolihesabu: *elfu tano*, *elfu kumi*. Hapo ndipo utata huzaliwa, kwa sababu hatuoni idadi hiyo inaishia wapi. Msomaji mmoja atafunganisha *mia mbili na hamsini* pamoja na kupata 250,000. Mwingine atakomea kwenye *elfu mia mbili*, kisha aongeze *hamsini*, apate 200,050. Tofauti ni shilingi 49,950, na wote wawili wamesoma maneno yale yale.

Neno *laki* huondoa utata huo, maana huigawa hesabu katika sehemu mbili zenye majina yake: *laki mbili na elfu hamsini*. Lakini tusiliache neno *elfu*. Katika mazungumzo ya sokoni watu husema *laki mbili na hamsini* wakikusudia 250,000. Katika hundi ufupisho huo haufai. Na kama kiasi ni 200,050 hasa, tulirudie jina la fedha: *shilingi laki mbili na shilingi hamsini tu*.

Tuangalie pia upatanisho. *Shilingi*, *mia*, *elfu*, *laki* na *milioni* zote hufuata ngeli ya I-ZI katika hesabu. Kwa hiyo tunaandika *laki mbili*, wala si *laki mawili*.

Neno *tu* hufunga hesabu yote, hivyo hukaa baada ya neno la mwisho la kiasi. Tukiandika *shilingi tu laki mbili*, mlango wa nyuma umebaki wazi: mtu anaweza kuongeza *na elfu tisini*. Mstari mrefu unaofuata *tu*, pamoja na alama /= baada ya tarakimu, hufanya kazi hiyo hiyo.

Kunukuu si kusahihisha

Hundi ya asili ikiwa na maneno ya *laki mbili* na tarakimu 250,000, mnukuzi huandika vyote viwili kama vilivyo, kisha hutaja tofauti hiyo chini ya nakala, nje ya hundi. Akiirekebisha kimya kimya, ameficha sababu ambayo ingeifanya benki iikatae.

Zoezi

1. Andika kwa maneno, kama katika hundi: 305,000/=; 300,005/=; 1,040,000/=.
2. Eleza njia mbili za kusoma *shilingi elfu mia tatu na arobaini*, kisha andika kila kiasi kwa namna isiyo na utata.
3. Nukuu hundi ya mfano, ukibadilisha kiasi kuwa 415,000/=. Kila sehemu ibaki mahali pake.