Heri na Saa: Uchanganuzi wa Ujumbe wa Kliniki Msimu wa Krismasi

Ujumbe wa kliniki kwa wagonjwa msimu wa Krismasi hubeba vitendo uneni viwili: kutakia heri na kuarifu. Tazama mfano huu wa kubuni wa kliniki ya kisukari:

“Tunawatakia Krismasi njema. Tutafunga hadi tarehe 27 Desemba, kisha tutafungua saa 8 asubuhi.”

Heri imo, ila taarifa ina dosari mbili. Kwanza, “hadi tarehe 27” haibainishi iwapo siku hiyo mlango utakuwa wazi. Pili, “saa 8 asubuhi” ni saa ya Kiingereza iliyovishwa maneno ya Kiswahili. Katika Kiswahili, saa nane ni ya mchana au ya usiku. Mgonjwa aliyeishiwa na insulini huenda akafika mchana, wahudumu wakiwa wameondoka.

Ujumbe huo ungerekebishwa hivi:

“Tunawatakia Krismasi njema. Tutafunga tarehe 25 na 26 Desemba. Tarehe 27 tutahudumu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Ikiwa dawa yako haitatosha hadi siku hiyo, njoo uichukue tarehe 24.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayounganisha vitendo hivyo viwili: kwayo, ratiba yenyewe inadhihirisha kwamba mgonjwa anajaliwa.